Kila mwezi katoni mbili, au miezi sita kwa mpigo?

*"Nina duka la vifaa vya umeme. Balbu zinatoka kama 300 kwa mwezi, mwaka mzima haibadiliki sana, nami naagiza katoni mbili kila mwezi (katoni moja ina balbu 150). Balbu moja nainunua 500. Kila mzigo unanila 6,600: gari 4,500, mtu wa kunishikia duka siku naenda 1,200, ada za kutuma pesa 300, na wapakuzi 600. Stoo nalipa kodi 3,000 kwa mwezi. Mtaji una mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Mwenzangu anasema tunachoma pesa kwenye gari, tuagize za miezi sita mara moja, na muuzaji wa jumla yuko tayari kutupunguzia asilimia 2. Mimi naogopa mzigo kulala. Nimesikia kuna kanuni ya kukokotoa kiasi cha kuagiza. Nani kati yetu yuko sahihi?"*

Kwa namba hizi, hakuna. Agizeni katoni nne kila baada ya miezi miwili, na punguzo la asilimia 2 mliache. Ila kuna jambo moja hukulitaja ambalo linaweza kugeuza jibu lote, nalo nitalifikia baada ya hesabu.

Kanuni uliyoisikia ilitolewa mwaka 1913 na mhandisi Mmarekani, Ford W. Harris. Yeye alikuwa anaumiza kichwa na kiwanda, siyo duka: kila unapobadilisha mashine ili itengeneze kipuri kingine unapoteza muda na pesa, sasa utengeneze vingapi kabla ya kuibadilisha tena? Swali lenu ni lilelile, weka gari mahali pa mashine. Ukiagiza kidogo kidogo, safari zinakula pesa. Ukiagiza kwa wingi, mzigo unalala, na mzigo uliolala nao unakula. Gharama moja inapanda pale nyingine inaposhuka, na katikati kuna kiasi ambacho jumla yake ni ndogo kuliko kwingine kote.

Kabla ya kuigusa kanuni yenyewe, tusafishe namba, maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Kanuni inataka gharama zinazobadilika kulingana na uamuzi wako tu. Gharama utakayoilipa hata ukiamua vingine haina nafasi humo, hata kama inakuuma kila mwisho wa mwezi.

Chukua ile 6,600 yako. Gari 4,500 inaingia, kwa sababu gari unalilipa lile lile likija na katoni mbili au kumi. Mtu wa kukushikia duka anaingia, ada za kutuma pesa zinaingia. Lakini wapakuzi hawaingii. Wao, nadhani, unawalipa kwa katoni, 300 kila moja. Katoni 24 za mwaka utazipakua zote, iwe ni kwa safari 12 au mbili, na kwa mwaka utakuwa umelipa 7,200 tu vyovyote utakavyoagiza. Hiyo ni sehemu ya bei ya bidhaa, na ukiigawa kwa balbu moja moja inatoka 2 tu, kwa hiyo tunaweza hata kuisahau. Gharama halisi ya kuagiza mara moja ni 6,000.

Sasa upande wa kutunza. Kodi ya stoo ndiyo ya kwanza kukujia akilini, nami nakuambia uitoe. Mwenye nyumba anachukua 3,000 yake stoo ikiwa imejaa au ina panya tu. Kodi itaingia kwenye hesabu siku utakapolazimika kukodi chumba cha pili kwa ajili ya mzigo wa ziada, au siku utakapoweza kurudisha nusu ya stoo na kupunguziwa kodi. Kama hakuna lolote kati ya hayo, si gharama ya balbu.

Kinachokula kweli ni mtaji. Balbu yenye thamani ya 500 ikikaa rafu mwaka mzima, ile 500 yake inalipiwa riba ya 90. Wenye maduka wengi huiruka gharama hii kwa sababu haiji na risiti ya stoo. Inaingia kimya kimya kwenye rejesho la mkopo. Na hata yule ambaye hakukopa asijidanganye kwamba pesa yake haina gharama: kama angeweza kuiweka kwenye bidhaa inayotoka haraka ikamzalia, faida hiyo aliyoikosa ndiyo riba yake.

Juu ya riba ongeza zinazovunjika, zinazoungua zikijaribiwa, zinazopotea, na zile zinazopitwa na wakati kwa sababu wateja wamehamia aina nyingine. Hukuniandikia namba ya hapa, kwa hiyo nimekadiria asilimia 6 kwa mwaka. Ya kwako utaipata kwa kuhesabu mzigo na kulinganisha na daftari: ulizonunua, toa ulizouza, toa zilizopo, kinachobaki ndicho kilichoyeyuka. Kiasi hicho ukigawe kwa wastani wa balbu zinazokuwepo stoo, siyo kwa ulizouza. Asilimia 18 na 6 ni 24, na asilimia 24 ya 500 ni 120. Hiyo ndiyo gharama ya kuiweka balbu moja kwa mwaka.

Kanuni sasa:

```
Q = √(2 × D × S ÷ H)
```

Q ni kiasi cha kuagiza kila mara. D ni mauzo ya mwaka, kwako 3,600. S ni gharama ya kuagiza mara moja, 6,000. H ni gharama ya kutunza balbu moja mwaka mzima, 120. Zidisha 2 kwa 3,600 kwa 6,000 upate 43,200,000. Gawa kwa 120 upate 360,000. Kipeuo cha pili chake ni 600. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Balbu 600 ni katoni nne kamili, mzigo wa miezi miwili. Tuijaribu kwa mkono ili usiichukue kwa imani. Ukiagiza 600 kila mara, kwa mwaka utaagiza mara sita, na mara sita kwa 6,000 ni 36,000. Stoo nayo itaanza na balbu 600, zitapungua siku hadi siku mpaka karibu sifuri, kisha mzigo mpya uingie. Kwa hiyo kwa wastani stoo ina nusu ya mzigo, 300. Zidisha 300 kwa 120 upate 36,000. Jumla 72,000 kwa mwaka. Ona kwamba pande mbili zimelingana. Hiyo haikutokea kwa bahati: pale zinapolingana ndipo jumla inapokuwa ndogo kabisa, na hata bila kanuni unaweza kuitumia kama kipimo. Ukimaliza mwaka ukakuta gharama za safari ni mara tatu ya gharama za kutunza, unaagiza kidogo mno.

Utaratibu wako wa sasa: mara 12 kwa 6,000 ni 72,000, na wastani wa balbu 150 stoo unagharimu 18,000. Jumla 90,000. Wa mwenzako: safari mbili tu, 12,000, lakini wastani wa balbu 900 stoo unagharimu 108,000. Jumla 120,000. Kwa hiyo mwenzako ana haki anaposema gari linachoma pesa. Wewe pia una haki kuogopa mzigo kulala. Yeye amelikimbia gari akapitiliza. Wewe ukihamia katoni nne utaokoa 18,000 kwa mwaka, sawa na gharama ya safari tatu.

Hapa kuna jambo ambalo mimi naliona lina manufaa kuliko kanuni yenyewe. Jumla ya gharama haipandi ghafla unapotoka kidogo kwenye ile 600. Ukiagiza katoni tano, jumla ni 73,800. Ukiagiza tatu, ni 75,000. Yaani kosa la katoni nzima juu au chini linakugharimu kati ya asilimia 2 na 5 tu ya gharama hizi. Ni mpaka uagize nusu ya kiasi kinachofaa, au mara mbili yake, ndipo gharama ipande kwa asilimia 25. Nusu na mara mbili zinaumiza sawasawa: wewe na katoni zako mbili mko 90,000, na mwenye kuagiza nane naye angekuwa hapo hapo 90,000.

Maana yake kwako ni kwamba usihangaike na usahihi wa nukta. Zungusha namba iangukie kwenye katoni kamili, au kwenye siku ambayo gari lina nafasi. Na kama makadirio yako ya S au H si kamili, usiogope sana: hata ungekosea gharama ya kuagiza ukaiandika mara mbili ya ukweli, kipeuo cha pili kinalipunguza kosa, na hasara yako ingekuwa kama asilimia 6. Vilevile kama mfuko hauruhusu. Katoni nne zinataka 300,000 mkononi kwa wakati mmoja, wewe umezoea kutoa 150,000. Ukiwa na 225,000, chukua katoni tatu na uendelee na maisha.

Ila punguzo la asilimia 2 halimo kwenye kanuni. Kanuni inachukulia kwamba bei ni ileile uagize ngapi, na bei ikibadilika kwa wingi inabidi tulinganishe bili nzima ya mwaka, bei ya bidhaa ikiwemo.

Bila punguzo: balbu 3,600 kwa 500 ni 1,800,000, jumlisha 72,000 za kuagiza na kutunza, inakuwa 1,872,000. Kwa punguzo: bei inashuka hadi 490, balbu 3,600 ni 1,764,000. Hapo umeokoa 36,000, na ndiyo namba ambayo muuzaji wa jumla anakuonyesha. Sasa ongeza safari mbili, 12,000. Kutunza balbu moja kumeshuka kidogo kwa sababu bei imeshuka, ni 117.6, na wastani wa balbu 900 unagharimu 105,840. Jumla kuu 1,881,840. Umelipa 9,840 zaidi ili upewe punguzo.

Kwenye asilimia 2.5 hivi njia mbili zinakaribia kulingana. Kwenye asilimia 3 bili inashuka hadi 1,862,760, na hapo mwenzako anashinda kwa 9,240. Kwa hiyo rudini kwa muuzaji mkiwa na namba: chini ya 2.5 hamtaki, 3 mnaweza kuongea. Nasema mnaweza kwa sababu katoni 12 zinataka zaidi ya 870,000 kwa mkupuo, na kama stoo yenu ndogo haizimezi, ile kodi niliyoitoa kwenye hesabu inarudi kwa mlango wa nyuma. Kitu kingine cha kumwomba: mfunge naye oda ya miezi sita, lakini achukue pesa na kuleta mzigo kwa awamu. Akikubali, mmepata punguzo bila balbu kulala kwenu, zinalala kwake.

Sasa lile jambo ambalo hukulitaja. Gari linapokuja, linabeba balbu tu?

Duka la vifaa vya umeme lina nyaya, swichi, soketi, mabomba ya kupitishia nyaya na vikorokoro vingine. Kama vitu hivyo vinatoka kwa muuzaji huyohuyo na vinapanda gari hilohilo, basi ile 6,000 si ya balbu peke yake, na ukiitwika balbu yote utaambiwa uagize nyingi kuliko inavyofaa. Ukirudia hivyo kwa kila bidhaa, ukaipa kila moja safari kamili, kila moja itakuambia isubiri miezi, na stoo itajaa.

Katika hali hiyo usihesabu balbu, hesabu mzigo mzima kwa thamani yake. Kanuni ni ileile: weka manunuzi ya mwaka kwa pesa mahali pa D, na mahali pa H weka 0.24. Kwa balbu peke yake manunuzi ni 1,800,000, na ukikokotoa unapata oda ya 300,000, zile katoni nne. Tuseme sasa kila unachonunua kwa muuzaji huyo kinafika 7,200,000 kwa mwaka, na kila kitu kinakula asilimia hiyohiyo 24 kikilala. Zidisha 2 kwa 7,200,000 kwa 6,000, gawa kwa 0.24, toa kipeuo cha pili: 600,000. Manunuzi ya 7,200,000 yakigawanywa kwa oda za 600,000 ni oda 12. Mara moja kwa mwezi.

Kwa maneno mengine, kama gari lako linakuja limejaa kila kitu, basi utaratibu wako wa sasa ni sahihi kabisa na nimekushauri bure kuuacha. Ona pia kwamba manunuzi yameongezeka mara nne lakini oda imeongezeka mara mbili tu. Biashara ikikua, mzigo wa kila safari haukui kwa kasi hiyohiyo, na ukiona stoo inapanuka sambamba na mauzo, kuna pesa imelala humo. Fungua daftari la ununuzi, jumlisha mwaka mzima wa muuzaji huyo, kisha ukokotoe upya kabla hujabadilisha chochote.

Kanuni imekuambia uagize ngapi, ila haijasema uagize lini. Hilo linategemea siku ambazo mzigo unachukua kufika na mauzo ya siku hizo. Wewe unauza kama balbu 10 kwa siku. Mzigo ukichukua siku tano, utauza 50 huku ukisubiri, lakini gari linaweza kuchelewa na wiki nyingine huwa na fundi anayebeba balbu 60 kwa mpigo. Kwa hiyo usisubiri zibaki 50. Njia rahisi kwako ni hii: siku unapofungua katoni ya mwisho, piga simu uagize. Una 150 mkononi. 50 za kusubiria na 100 za dharura. Hizo 100 zinagharimu 12,000 kwa mwaka juu ya zile 72,000, na gharama hiyo iko palepale uagize kila mwezi au kila miezi miwili, ndiyo maana sikuiingiza kwenye ulinganisho.

Mwisho, usiipeleke hesabu hii kwenye kila rafu. Inafaa kwa bidhaa inayotoka kwa mwendo unaofanana mwaka mzima, kama balbu zako. Bidhaa ya msimu, inayolala miezi tisa na kuuzwa mitatu, ukiigawa kwa wastani wa mwaka utapata namba isiyofaa kwa miezi yoyote. Ihesabu kwa msimu wake pekee. Yenye tarehe ya kuisha, kama betri, kikomo chake ni tarehe: kanuni ikisema miezi kumi na betri zitabaki na miezi sita ya uhai zikikufikia, nunua zitakazoisha ndani ya miezi hiyo huku ukimwachia mteja muda wa kuzitumia. Na muuzaji akikuambia bei inapanda mwezi ujao, hiyo ni hesabu nyingine: linganisha ongezeko la bei kwa balbu moja na 10 za kuitunza kwa kila mwezi itakaokaa. Bei ikipanda kwa 30, balbu inayouzwa ndani ya miezi mitatu ya ziada inalipa kununuliwa leo. Ya mwezi wa nne inakula hasara.